Kiwanja “kinagusa lami”, kumbe karibu nusu yake ni barabara

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mtwara mjini. Mwezi wa pili binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye kazi yake ni udalali, aliweka tangazo kwenye status ya WhatsApp: “KIWANJA KINAUZWA. Kimepimwa, hati ipo njiani. Mita 25 kwa 40. Kinagusa lami, barabara ya Lindi kabla ya kufika Mikindani. Umeme upo. Milioni 16 tu. Ndani ya mwaka bei itakuwa mara mbili.” Siku ileile nilimtumia dada yangu picha ya tangazo hilo. Tulikwenda kukiona mahindi yakiwa yamesimama, binamu akapima kwa hatua.

Mwezi wa tatu tukaandikiana mkataba kwa mwenyekiti wa mtaa, mjomba akiwa shahidi wangu. Nililipa milioni 13, fedha za korosho na mkopo wa kikoba. Milioni 3 zimebaki mpaka nikabidhiwe hati. Mkataba umeandika “mita 25 kwa 40”, na chini yake “mnunuzi amekagua na ameridhika”. Mwenye kiwanja alimlipa binamu udalali wake mbele yangu.

Mwezi wa saba, mahindi yameshavunwa na nimeshashusha lori mbili za mawe na tofali 700, fundi akakuta nguzo fupi ya zege katikati ya kiwanja. Jirani akasema ule ni mpaka wa barabara, uliwekwa siku nyingi na mwenye kiwanja alikuwepo. Nilikwenda TANROADS, akaja mtaalamu na futi kamba: kutoka katikati ya lami hadi kiwanja kinapoanzia ni mita 12. Manispaa nako wakaniambia kiwanja hakijapimwa, kipo kwenye mchoro wa mipango miji tu.

Mwenye kiwanja anasema, “Mimi sikutangaza, muulize dalali wako.” Binamu anasema aliyoandika ndiyo aliyoambiwa. Mume wangu anataka tukiuze kimyakimya kwa tangazo lilelile. Mama hataki kusikia mtoto wa kaka yake anapelekwa polisi. Jumapili ijayo tuna kikao kwa mjomba. Nifanyeje?

Mama Wawili, Mtwara

*

Marahaba, Mama Wawili, na pole sana. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, na mkopo wa kikoba una marejesho kila wiki, kwa hiyo naelewa kwa nini kila mtu nyumbani anavuta upande wake. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umekwenda kupima kabla ya kugombana. Tuanzie kwenye vipimo hivyo.

Lakini kuna agizo moja lisilongoja Jumapili. Fundi asichimbe msingi, wala usishushe tofali nyingine. Sababu ni mbili. Nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara baada ya mpaka kuwekwa hubomolewa, na mwenyewe hadai fidia. Sababu ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo huwaumiza wengi: mtu akishajua kwamba alidanganywa, kisha akaendelea kujenga au kumalizia malipo, anahesabika ameukubali mkataba kama ulivyo. Haki ya kuukataa aliyokuwa nayo jana, leo imepungua. Tofali na mawe yaache yalipo, yapige picha, na risiti zake uziweke pamoja.

Sasa vipimo. Kwa barabara kuu na za mkoa zinazosimamiwa na TANROADS, hifadhi iliyozoeleka tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande, na zinahesabiwa kutoka katikati ya lami, si kutoka ukingoni. Hapo ndipo neno “kinagusa lami” linapoanza kunuka. Kiwanja halali kando ya barabara kuu hakigusi lami. Kinagusa mpaka wa hifadhi, na kati ya mpaka huo na lami kuna nyasi za serikali. Kiwanja chako kinaanzia mita 12 kutoka katikati. Toa 12 kwenye 30, unabaki na mita 18 zilizo ndani ya hifadhi. Toa 18 kwenye urefu wa mita 40, unabaki na mita 22. Mita 22 kwa 25 ni mita za mraba 550, na wewe uliuziwa 1,000.

Rudi pale na futi kamba kabla ya Jumapili, uhakiki mambo mawili. Pima kutoka mwanzo wa kiwanja hadi kwenye ile nguzo; ikiwa ni kama mita 18, basi nguzo na hesabu vinasema neno moja. Kisha pima pembe zote mbili za mbele, kwa sababu barabara hujipinda na kiwanja hukaa mshazari. Pembe moja ikiwa mita 12 kutoka katikati ya lami na ya pili 14, eneo linalobaki si 550 tena bali 575. Tofauti hiyo ndogo upande wa pili ukiigundua kabla yako, watasema hata nyingine zote umezikosea.

Maneno ya mtaalamu aliyekuja na futi ni mazuri, ila ni ya mdomo. Muandikie Meneja wa TANROADS wa Mkoa, ambatisha mchoro wa mkono unaoonyesha kiwanja kilipo na vipimo vyako, uombe jibu la maandishi: hifadhi mahali hapo ni mita ngapi, na kiwanja kimeingia kwa kiasi gani. Nasema “mahali hapo” kwa makusudi, maana katika maeneo ya mji michoro ya mipango miji nayo hupanga upana wa barabara. Jibu lao ndilo litakalosimama mezani, kuliko kanuni yangu ya jumla.

Manispaa waombe barua pia. Neno “kimepimwa” lina ngazi tatu, na madalali wengi huziita zote jina moja. Ngazi ya kwanza ni mchoro wa mipango miji: karatasi inayoonyesha barabara zitapita wapi na nyumba zitakaa wapi. Ya pili ni upimaji wenyewe: mpima ameweka bikoni, ramani yake ya upimaji imeidhinishwa, na kiwanja kimepata namba na kitalu. Ya tatu ni umilikishaji, ndipo hati hutoka. Hati haiwezi kuwa njiani kwa kiwanja kilicho ngazi ya kwanza. Hata bikoni zikiwa zimesimama ardhini hazitoshi, kwani huweza kupandwa kabla ramani haijaidhinishwa. Swali la kuuliza ni moja tu: namba ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa ni ngapi? Asiyekuwa nayo, kiwanja chake hakijapimwa. Ukiwa palepale, uliza na mchoro umepanga sehemu ile kwa matumizi gani. Kama imepangwa soko au eneo la wazi, hata zile mita 22 zitakuwa na shida nyingine, na ni heri ujue sasa.

*

Nigusie tangazo lenyewe, kwa sababu umeliandika lote kama uongo mmoja, nami naona maneno ya aina tatu. “Mita 25 kwa 40” na “kimepimwa” ni madai ya jambo lililopo: ama ni kweli ama si kweli, na yanapimika. Hayo ndiyo msingi wa madai yako. “Umeme upo” nalo ni la aina hiyo, ila sijui umelihakiki au la. Nguzo ya umeme iliyo upande wa pili wa barabara siyo umeme wa kiwanja. “Bei itakuwa mara mbili” ni maneno ya sokoni, matarajio ya muuzaji. Ukiyaingiza kwenye malalamiko yako, utawapa nafasi ya kukujibu pale ulipo dhaifu na kukwepa pale ulipo na nguvu. Yaache.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inatenganisha aliyesema jambo lisilo kweli akiamini ni kweli, na aliyesema huku akijua si kweli, au akaficha kwa lengo la kudanganya. La kwanza ni upotoshaji, la pili ni ulaghai. Kwa yote mawili mkataba unaweza kutenguliwa na aliyepotoshwa, lakini hayalingani, na tofauti yake inaangukia hasa kwenye yale maneno “mnunuzi amekagua na ameridhika”. Kwa upotoshaji usio wa makusudi, na kwa muuzaji aliyenyamaza tu, sheria inampa muuzaji kinga: kama mnunuzi angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hawezi kuukimbia mkataba kwa sababu hiyo. Kwa uongo wa wazi uliosemwa makusudi, kinga hiyo haisimami. Mwongo hawezi kujitetea kwa kusema “ungenichunguza”.

Kwa hiyo swali zito katika barua yako ni hili: mwenye kiwanja alijua? Ndiyo maana maneno ya jirani ni ya thamani, na ndiyo maana nakuomba uyashike kwa uangalifu. “Alikuwepo” si sawa na “aliambiwa”. Mtu anaweza kuwa shambani kwake akaona wafanyakazi wa barabara wanachimbia nguzo asiulize. Kaa na jirani kwa utulivu, umuulize: nguzo iliwekwa mwaka gani, nani alikuja, mwenye kiwanja alisema nini, na je, mahindi yalikuwa yakilimwa mpaka barabarani hata baada ya nguzo? Umuulize pia kama yuko tayari kuyasema hayo mbele ya watu. Jirani anayezungumza ugani halafu akanyamaza barazani humwacha mtu peke yake.

Na wewe, bila kujilaumu, ujiandae kuulizwa: ulipokwenda kuona kiwanja, nguzo ilionekana? Mahindi ya mwezi wa pili yalikuwa yamefika wapi? Ilikuwa wapi ile futi? Kupima kwa hatua ni udhaifu katika shauri lako, na usitegemee kwamba hakuna atakayeuona. Una majibu ya kweli: mahindi yaliifunika nguzo, na vipimo viliandikwa kwenye mkataba ambao mwenye kiwanja mwenyewe alitia saini. Hilo la pili ndilo ngao yako kubwa. Anaposema “mimi sikutangaza”, mkataba unasema mita 25 kwa 40 na jina lake liko chini yake.

*

Hapo tunafika kwa binamu yako, na nadhani ndipo moyo wako ulipo.

Watu wote katika barua yako, hata wewe, mnamweka binamu katika nafasi ya mshtakiwa: ama apelekwe polisi, ama asitiriwe. Je, umefikiria kwamba huenda yeye ndiye shahidi wako mkubwa? Sheria ya mikataba inasema uongo wa wakala akiwa kwenye kazi ya bosi wake unahesabiwa kama uongo wa bosi mwenyewe. Binamu alikuwa wakala wa nani? Mwenye kiwanja anamwita “dalali wako”, lakini ni yeye aliyemtuma atafute mteja, na ni yeye aliyemlipa udalali, mbele ya macho yako. Kama ulimpa binamu fedha ya kuoneshwa kiwanja au ya bodaboda, iseme wazi. Haibadilishi sana jambo hilo, ila ikifichwa halafu ikaibuka, itakuchafua.

Binamu ana mambo mawili ambayo wewe huna: simu yake na kumbukumbu zake. Kama vile vipimo na neno “kimepimwa” alitumiwa na mwenye kiwanja kwa ujumbe au kwa sauti, basi hoja ya “sikutangaza” imekwisha. Ujumbe huo usifutwe, wala simu isiuzwe. Kama aliambiwa ana kwa ana, aandike maelezo mafupi: tarehe, mahali, maneno aliyoambiwa, na nani mwingine alikuwepo, kisha atie saini. Na kama alijitungia mwenyewe ili tangazo livutie, mimi na wewe tunahitaji kulijua hilo mapema, kwa maana hapo njia inabadilika na yeye mwenyewe anabeba sehemu yake, angalau ule udalali aliochukua.

Kwa hiyo Jumapili, badala ya kumfuata mjomba na neno “mwanao ameniibia”, unaweza kwenda na ombi linaloshikika: “Mjomba, naomba mwanao aniandikie alichoambiwa, na aoneshe ujumbe.” Mjomba alisimama kama shahidi wako kwenye mkataba, heshima yake nayo iko kwenye karatasi ile. Mama yako hajakosea kuogopa polisi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 7, lakini kesi ya jinai inashughulika kwanza na mkosaji, siyo na milioni 13 zako, na mara inapoanza si wewe unayeamua ni nani aguswe na nani aachwe. Shahidi wako anaweza kujikuta amekuwa mshtakiwa wa pili. Hilo halina maana kwamba mlango huo umefungwa. Ukipata ushahidi kwamba mwenye kiwanja amekwishauza eneo hilohilo kwa wengine, au anajiandaa kuhama na fedha, polisi ni mahali pa kwenda bila kungoja kikao.

Ushahidi wako mwenyewe nao una umri. Status hutoweka baada ya saa 24, na umeponea kwenye picha uliyomtumia dada yako. Mwambie asifute mazungumzo hayo, kwa sababu tarehe na saa iliyoandikwa pale ndiyo inayothibitisha tangazo lilikuwepo kabla hujalipa. Chapisha nakala, lakini simu zenyewe mzitunze. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa namna hii, na baraza litataka kujua ulivyopatikana na ulivyohifadhiwa. Weka pamoja risiti za benki au ujumbe wa malipo kwa zile milioni 13.

*

Naziona njia nne mbele yako, na sioni moja isiyo na mawe.

Ya kwanza ni kuutengua mkataba: urudishe kiwanja, urudishiwe milioni 13, pamoja na gharama zilizotokana moja kwa moja na uongo ule, kama usafiri wa mawe na tofali, na ongezeko la kikoba ikiwa una daftari linaloonyesha. Ndiyo njia safi kwenye karatasi. Shida yake ni mfuko wa mwenye kiwanja. Fedha ya kiwanja mara nyingi huwa imeshakuwa bodaboda, ada au paa la nyumba ndani ya miezi mitatu, na hukumu nzuri dhidi ya mtu asiye na kitu huchukua muda mrefu kugeuka fedha. Kabla ya kuichagua, chunguza ana nini: shamba la mikorosho, nyumba, kiwanja kingine?

Ya pili ni kubaki na kile kilichopo na kushusha bei. Sheria inamruhusu aliyepotoshwa kuushikilia mkataba na kudai awekwe pale ambapo angekuwa kama maneno yangekuwa kweli. Mita za barabara haziwezi kufanywa zako, kwa hiyo zinageuka fedha. Milioni 16 kwa mita 1,000 ni shilingi 16,000 kwa mita moja. Kwa mita 550 ni milioni 8 na laki 8. Umeshalipa milioni 13, basi yeye ndiye anayekudai sifuri, na wewe ndiye unayemdai milioni 4 na laki 2. Hiyo ni hesabu ya kuanzia mazungumzo. Usisahau kwamba bei ile ilikuwa ya kiwanja kilichopimwa, kwa hiyo gharama za upimaji na umilikishaji nazo ziwekwe mezani: zake au zako? Kabla ya kukubali njia hii, mpe fundi mita 22 kwa 25 achore ramani ya nyumba yako humo, aache nafasi ya mbele na ya pembeni kama manispaa itakavyoelekeza, aweke na shimo la choo. Nyumba ikiingia, una kiwanja. Isipoingia, punguzo la bei halitaifanya iingie.

Ya tatu ni kubadilishiwa kiwanja kingine, na huenda ndiyo itakayopendekezwa na wazee Jumapili, kwa kuwa haitoi fedha mfukoni mwa mtu. Inaweza kuwa nzuri. Ila mtu aliyekuuzia barabara mara moja asikukabidhi kingine kwa hatua za miguu: mpima awepo, mchoro wa manispaa uangaliwe, majirani wa pande zote nne watie saini, na mkataba wa zamani ufutwe kwa maandishi siku hiyohiyo.

Ya nne ni ya mume wako, nami naielewa. Ana hofu ya kupoteza vyote. Lakini mwambie kwa upole hesabu imebadilika. Mwenye kiwanja anaweza kudai hakujua. Ninyi mmeshakwenda TANROADS, mmeongea na jirani, mmekwenda manispaa. Tangazo lilelile likitoka kwenye simu yenu, ule ni ulaghai wa kujua, na ushahidi wake mmeutengeneza wenyewe. Mnunuzi wenu hatahitaji hata kuthibitisha kwamba alikagua.

Kuhusu milioni 3 zilizobaki: usilipe, lakini usinyamaze. Kama mkataba una tarehe ya mwisho, ukimya wako unaweza kuitwa uvunjaji wa mkataba, na ukampa yeye hoja ambayo hakuwa nayo. Andika barua: nimegundua mambo haya mawili, barua za TANROADS na manispaa zimeambatishwa, nasitisha malipo hadi jambo hili litatuliwe, nakuomba majibu ndani ya siku 14. Iwe na nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, na umpe mwenye kiwanja mbele ya mtu atakayetia saini kwamba ameiona ikipokelewa. Katika barua hiyo usiandike neno “nimekubali kiwanja” wala “nimevunja mkataba” kabla hujachagua njia. Sema unahifadhi haki zako zote. Ila usikae nayo muda mrefu. Anayejua na akakaa miezi bila kuchagua, hatimaye kukaa kwake huonekana ndiyo chaguo.

Mkishindwana, Baraza la Kata husuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi yake kwa migogoro ya ardhi ni usuluhishi, haliamui tena. Likishindwa linatoa cheti cha kuonyesha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kusonga mbele kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuna tahadhari moja: kama unachodai ni fedha tu kwa sababu ya mkataba, mahakama za kawaida zinaweza kuwa ndizo zenye mamlaka, na shauri lililofunguliwa mlango usio wake hutupwa hata kama ni la haki. Hapo mlipe wakili kwa ushauri wa saa moja, au utafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, umweleze unataka nini hasa, ndipo akuambie uingie wapi. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia kufungua kesi wiki hii ili tu uonekane umefanya jambo.

Sitakuchagulia. Mimi sijui mwenye kiwanja ana nini, wala kama nyumba yako inaingia kwenye mita 22, wala binamu atasema nini akiombwa badala ya kushutumiwa. Hayo matatu yanaweza kujulikana kabla ya kikao kwisha, na kila moja litaifunga njia mojawapo au kuifungua.

Na kama mwishoni wewe na mume wako mtaona kuuza ndiko kunakowafaa, kuuza si dhambi, ila tangazo libadilike. Liandikwe hivi: “Kiwanja kinauzwa, barabara ya Lindi kabla ya Mikindani. Hakijapimwa, kipo kwenye mchoro wa mipango miji. Mita 25 kwa 22, nje ya hifadhi ya barabara. Barua ya TANROADS ipo, njoo uisome. Eneo la mbele lenye nyasi ni la barabara, haliuzwi.” Kitachelewa kupata mtu, na bei itakuwa chini ya milioni 9. Atakayekuja atakuwa amekuja kununua kile mlicho nacho.